Nilimtania shoga yangu siku ya Idi, sasa ananijibu "Ahsante" tu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, Mkristo, naishi Arusha. Nina shoga yangu Mwislamu wa Tanga, tulisoma naye chuo Morogoro na tukalala chumba kimoja hosteli. Kwenye kundi letu la WhatsApp tuko watano, na salamu zetu zote ni za utani. Yeye ndiye mtani kuliko wote. Mimi humwamkia "shikamoo bibi", naye hujibu "marahaba mjukuu wangu, umeshapiga mswaki?" Kisa chetu kikubwa ni siku alipounguza tambi hosteli, moshi ukajaa ukumbi mzima, mlinzi akaja mbio na ndoo ya maji. Anakisimulia mwenyewe mpaka leo.

Idi el-Fitri ya mwaka huu niliandika kundini: "Idi Mubarak! Mashetani yamefunguliwa leo na wewe umetoka nayo. Tunajua ulifunga kwa ajili ya futari tu." Wengine walicheka. Yeye alijibu "Ahsante", basi. Tangu hapo ananijibu kwa adabu kama vile mimi ni mama mkwe wake. Nilimwambia nilikuwa nakutania tu, akasema haina shida. Ina shida, namjua. Idi el-Haji niliogopa, nikamtumia picha ya kusambaza.

Mwezi ujao ni siku yake ya kuzaliwa, halafu Krismasi na Mwaka Mpya. Nikitania naogopa, nikiandika salamu za kawaida naona tunazidi kuwa wageni. Nitaniaje bila kugusa dini? Na hili la Idi nilimalizeje?

Mtani Aliyekwama, Arusha

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na salamu yenyewe uliyoituma, maana ndani yake mna makosa mawili yasiyolingana uzito, na usipoyatenganisha hutajua unaomba radhi ya nini.

La mashetani ni jepesi kidogo. Waislamu hufundishwa kwamba Ramadhani ikiingia mashetani hufungwa minyororo, na Idi ikifika wenyewe kwa wenyewe hutaniana kwa hilo. Kijana akionekana mchana wa Idi yuko juu ya pikipiki ya kuazima, na miwani ya jua usoni, mjomba wake humwambia mashetani yamefunguliwa. Nadhani hata wewe ulilisikia kwa watu wa namna hiyo. Lakini mjomba yule amefunga siku zilezile alizofunga kijana, na asubuhi walisimama pamoja kwenye sala ya Idi. Hakuna anayejiuliza anakusudia nini. Likitoka kwako wewe Mkristo, maneno ni yaleyale, ila msikilizaji inambidi asite: huyu anacheka pamoja nasi, au anatucheka? Akishasita, utani umekwisha, hata kama jibu atakalolipata moyoni ni zuri.

La futari ndilo lililomuuma. Swaumu ni ibada isiyo na shahidi. Anayesali anaonekana, anayetoa sadaka aliyepewa anajua, lakini mtu akijifungia chumbani akanywa maji saa nane mchana hakuna ajuaye ila yeye na Mola wake. Kwa hiyo kumwambia Mwislamu mbele ya watu kwamba alifunga kwa ajili ya futari si kumwita mlafi. Ni kumwita mnafiki. Na umemwambia siku gani? Siku anayotoka kwenye mwezi mzima wa kukaa karibu saa 13 kila siku bila hata tone la maji, tena katika joto la Tanga la Februari na Machi. Alitarajia siku hiyo aambiwe hongera.

Sasa jiweke mahali pake. Yeye ni mtani, kazi yake ni kurudisha. Angerudisha nini pale? "Si kweli, nilifunga kwa ajili ya Mungu"? Hayo ni maneno ya mtu anayejitetea barazani. Hakuwa na pa kurushia, ndiyo maana akaandika "Ahsante".

Na hapo ndipo kipimo ninachotaka ukishike kilipo. Kabla hujatuma salamu ya utani, mtungie rafiki yako jibu. Ukiweza kumtungia jibu zuri la kukuchapa nalo wewe, tuma. Ukiona jibu pekee linalobaki ni kujitetea, kueleza, au kunyamaza, futa. Utani wa dini karibu wote huanguka hapa, kwa sababu mtu hawezi kurudisha mpira bila kuidharau imani yake au kuishambulia yako, na rafiki mwema hataki kufanya lolote kati ya hayo.

Umeniambia ulimjibu kwamba ulikuwa unatania tu. Maneno hayo yana nguvu mahali pengine, na nadhani ndiko ulikoyatoa. Katika utani wa makabila wetu wa Tanzania, Mngoni na Mhehe, Mpare na Mchaga, Mzaramo na Mnyamwezi, anayekasirika ndiye mwenye makosa. Lakini utani ule umerithiwa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na wajukuu wa wapiganaji hao leo wanatukanana kwa raha. Wanyamwezi walishuka pwani na misafara ya biashara, wakapita na kulala katika nchi ya Wazaramo mpaka wakazoeana. Mipaka ya utani huo kila mtoto anaikuta imeshawekwa. Zaidi ya hapo, mtani ana wajibu. Penye msiba, yuleyule anayewachekesha wafiwa ndiye anayechimba kaburi, anayechota maji, anayehakikisha wafiwa wamekula. Amelipia haki yake ya kusema.

Ninyi hamkurithi kitu. Utani wenu mliutengeneza wenyewe chumbani hosteli, kwa hiyo unadumu kwa ridhaa tu, na ridhaa hiyo kila mmoja anaweza kuirudisha mfukoni siku yoyote. Shoga yako akiumia, huwezi kumwambia hajui utani. Anaujua kukushinda, umesema mwenyewe.

Basi kabla ya siku ya kuzaliwa haijafika, maliza hili. Mpigie simu, usimwandikie. Ukimwandikia, ataandika tena "haina shida" na mtakuwa palepale. Piga usiku akiwa ameshasali Isha na watu wa nyumbani wametulia, usimkatishe saa ya magharibi. Useme maneno machache yanayotaja kosa kwa jina lake, kama haya: "Shoga, ile salamu ya Idi nilikosea. Niliitilia shaka funga yako mbele ya wenzetu, tena siku ya furaha yako. Uniwie radhi." Kisha nyamaza. Usieleze ulikuwa na nia gani, usiape kwamba unaiheshimu dini yake, usimkumbushe mara alizokutania yeye. Watu wengi huharibu samahani kwa sentensi ya nne. Akikaa kimya kidogo, mwache akae. Akikuambia iliumaje, sikiliza mpaka mwisho.

Kwa kuwa ulimwandikia mbele ya wengine, na samahani ina haki ya kusikika mbele yao, ila muulize kwanza. Kuna watu wasiopenda jambo lao lifukuliwe miezi saba baadaye. Akikubali, andika kundini sentensi moja tu: "Jamani, salamu yangu ya Idi ilivuka mpaka, mwenyewe nimeshamwomba radhi." Wale waliocheka wataelewa bila kusemwa. Na katika simu hiyo usitie mzaha hata mmoja. Akitia yeye, cheka, na usirudishe. Mwache ashinde siku hiyo.

Tuje sasa kwenye swali lako la kwanza, kwamba utatania nini. Mwanangu, una mgodi na umeukalia. Kisa cha tambi ndicho mfano bora wa utani salama ninaoweza kukupa, na nitakueleza kwa nini, maana ukizielewa sababu utaweza kuvitambua visa vingine. Kwanza, kisa ni chake na anakisimulia mwenyewe. Mtu akishakisimulia kituko chake zaidi ya mara moja akicheka, amekupa ruhusa. Kituko unachokijua wewe lakini yeye hajawahi kukitaja mbele ya watu, hicho ni siri hata kama kinachekesha. Pili, kimekwisha. Hakuna aliyeungua, hosteli ipo, tambi zilitupwa, hakuna jeraha linaloendelea. Deni lililokwisha linatanika. Deni ambalo bado unamdai, ukilitania ni sawa na kumtumia ankara. Tatu, na wewe umo ndani ya kisa. Mlilala chumba kimoja, moshi uliuvuta pia, bila shaka kuna ulichokifanya cha kijinga siku ile. Kwa hiyo ana cha kukurudishia.

Siku ya kuzaliwa basi. Wapo Waislamu wasiopenda kuisherehekea, na Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei kabisa, kwa hiyo kwa mtu mgeni ungeanza kwa kuchunguza. Kwa shoga yako, kama miaka yote mmemtakia heri na akafurahi, endelea. Lakini tuma ujumbe mara mbili, usichanganye. Wa kwanza uwe salamu ya kweli, peke yake, umekamilika:

"Hongera kwa siku yako ya kuzaliwa, shoga yangu. Mungu akuzidishie umri wenye afya, na akutunzie mama na wote wa nyumbani."

Weka simu chini. Nenda kachemshe chai. Kisha wa pili:

"Shikamoo bibi. Nasikia leo kuna shughuli. Kama tambi zinapikwa na wengine, naja na sahani. Kama unazipika wewe, naja na ndoo."

Nimetenganisha kwa sababu nimeona salamu nyingi za aina ya "Mungu akupe maisha marefu ili uendelee kunikopesha". Anayeandika hivyo hana ubaya, lakini dua imegeuzwa ngazi ya kupandia mzaha, na kwa mtu ambaye juzi tu umeigusa ibada yake, hilo atalisikia kuliko wengine. Dua ikisimama peke yake, anajua uliimaanisha. Utani ukija baada yake, anajua ni wewe yule wa zamani. Na usimalizie mzaha kwa "Amina". Amina ni ya dua.

Sasa ipime kwa kipimo chetu. Atajibu nini? Anaweza kusema: "Marahaba mjukuu. Ndoo ile uliondoka nayo ulipohama hosteli, irudishe kwanza." Anaweza kusema: "Wewe njoo na sahani na ndoo, najua unavyokula." Unaona njia za kurudi zilivyo nyingi? Hakuna hata moja inayomlazimu kujieleza. Tahadhari moja tu: "shikamoo bibi" ni mchezo wenu wa siku zote, lakini siku ya kuzaliwa umri husikika kwa sauti kubwa zaidi. Kama hajaolewa na nyumbani wanamhesabia miaka, au kama mwaka huu amekuwa akilalamika kwamba muda unapita, uache ubibi siku hiyo. Tambi zinatosha. Na ukiwa Tanga siku hiyo ukataka kummwagia maji kama ilivyo desturi ya vijana wetu, usimmwagie akiwa amejitanda kwenda kwenye shughuli ya watu. Mngoje uani, akiwa na kanga ya nyumbani.

Kuhusu sikukuu za dini, tofautisha ibada na pilikapilika zinazoizunguka. Sala, funga, kuchinja, komunyo, kuzaliwa kwa Yesu, maneno ya Kurani na ya Biblia, hayo yaache yalivyo. Pilikapilika ni zetu sote, na ndizo zenye vichekesho kweli. Fundi cherehani aliyeapa gauni litakuwa tayari siku mbili kabla, na usiku wa mwezi kuandama bado anatafuta vifungo. Watoto wanaozunguka nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi, wakifika kwako wanahesabu sarafu mbele ya macho yako kisha wanaangaliana. Shemeji anayekuja "kusalimia tu" pilau likishaiva. Idi moja rafiki akimwandikia mwenzake "Idi Mubarak", na baada ya nusu saa "Naja na watoto wangu wanne, mkono wa Idi uandae wa noti, wamejifunza kuhesabu", hapo hakuna aliyeguswa ila mfuko.

Krismasi ni sikukuu yako, kwa hiyo kundini wewe ndiye mwenyeji, na mwenyeji ana nafasi kubwa zaidi ya kujitania na nyumba yake. Andika kwanza "Heri ya Krismasi kwa wanaosherehekea, na mapumziko mema kwetu sote." Nakuambia uiandike hivyo hata kama unadhani wenzako wote wanne unawajua. Wapo Wasabato wasioiadhimisha Krismasi, wapo Waislamu watakaokuja kula kwako kwa furaha lakini dhamiri zao haziwaruhusu kutamka "Heri ya Krismasi". Usimtanie mtu kwa kutokujibu salamu hiyo. Akikujibu "nawe pia mapumziko mema", amekupa alichonacho. Kisha tuma tangazo lako:

"Pilau la kwangu linaiva saa saba. Kwa kuwa nawajua, kadi zimeandikwa saa tano."

Na kama kundini kuna wa Moshi anayeishi Dar es Salaam, Desemba 23 muulize tu: "Umefika, au bado mko foleni Segera mnanunua machungwa?" Safari ya Wachaga kwenda nyumbani Desemba imetaniwa na nchi nzima, wenyewe wanaipenda, nayo haina uhusiano na altare. Mwaka Mpya ni mwepesi zaidi, maana unawakuta wote sawa: "Heri ya mwaka mpya. Yule aliyetuambia Januari iliyopita ataanza kukimbia asubuhi, viatu vimeshatoka kwenye boksi?" Kila mmoja atadhani anasemwa yeye.

Nina machache ya kukutahadharisha, kwa sababu watu wema hujikwaa nayo wakidhani wako mbali na dini. Usiigize maneno ya sala. Kuna salamu zinazosambazwa zilizotungwa kwa kufuata "Baba yetu uliye mbinguni" au Zaburi ya mchungaji, zikisema habari za mshahara au za bia, na huwa zinaanzia kwa Wakristo wenyewe. Bibi yako anayeisali sala hiyo magotini kila asubuhi hacheki. Vivyo hivyo "Inshallah". Najua mjini watu husema ukiambiwa Inshallah ujue mtu haji. Kwa Mwislamu lile ni neno la kuikabidhi kesho kwa Mungu, na ukimtania nalo umemwambia kwamba anamtaja Mungu ili adanganye. Kama amezoea kuchelewa, tania kuchelewa.

Kitimoto na pombe, wala usivitaje kwenye salamu ya kwenda kwa Mwislamu, hata kwa mtindo wa "leo usile kitimoto". Na wao nao wasikutakie Krismasi ya kulala mtaroni. Suala la mwezi nalo liache. Karibu kila mwaka kuna wanaofungua kwa mwezi ulioonekana mahali pengine na wanaosubiri uonekane hapa nchini, na jambo hilo huwagawa hata ndugu wa nyumba moja. Usiku wa namna hiyo, salamu ya "mmeamua lini, kesho au keshokutwa?" inaweza kumkuta shoga yako ametoka kubishana na kaka yake.

Wewe mwenyewe pia una haki katika haya. Mwaka huu Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18 na Ramadhani ikaanza wiki hiyohiyo, kwa hiyo huenda wewe na yeye mlikuwa mnafunga pamoja. Katika majira hayo huja ule utani wa "funga yenu ya kunywa chai". Kama aliwahi kukuambia na ukacheka huku umechomwa, mwambie, lakini si katika simu ile ya samahani. Mwambie siku nyingine mkiwa wawili: "Na mimi ile ya chai huniuma kidogo." Utashangaa jinsi atakavyolipokea haraka.

Kuna siku za kutotania kabisa, nazo hazihusiani na dini. Idi au Krismasi ya kwanza tangu mtu afiwe, mtumie salamu tu, na umtaje marehemu kama unamjua: "Najua leo kiti cha baba kiko wazi." Aliyepoteza kazi usimtanie nguo mpya. Anayetafuta mtoto usimuulize mkono wa Idi atampa nani. Salamu ya "mwaka huu tule ubwabwa wako" imewatoa machozi wasichana wengi waliokuwa wakicheka kwenye simu, na wanaoituma ni mashangazi kama mimi kuliko vijana.

Neno la mwisho ni kuhusu kusoma majibu. Mtani wako akirudisha mzaha mrefu kuliko wako, uko salama. Akituma kikaragosi cha kucheka kimoja na kuanzisha habari nyingine, punguza. Akijibu mzaha kwa dua, au mtu aliyekuwa akikuita mjukuu akaanza kukuita "dada", simama hapohapo, umtafute pembeni siku hiyohiyo. Usingoje miezi saba. Kwenye kundi kuwa makini maradufu, kwa sababu kicheko cha wengine watatu ni kelele zinazokuzuia usiusikie ukimya wa mmoja. Utani ambao hujaujaribu, mtumie peke yake kwanza, na ikiwezekana kwa ujumbe wa sauti. Asikie unavyocheka, maana maandishi hayana uso. Picha na salamu za kusambaza usimtumie tena huyu. Anajua ulikuwa na maneno yako.

Idi el-Fitri ijayo inatarajiwa mapema Machi 2027. Mtumie "Idi Mubarak" yenye jina lake na la mama yake, na uishie hapo. Akianza yeye kukutania, endeleeni.

Shangazi